Mama Hakuna Shida: uchambuzi wa kisa cha muuguzi asiyeweza kukataa

Daktari alimtuma kwangu kwa sababu ya tumbo. Kwa miezi kadhaa lilikuwa likimuunguza chini ya kifua, hasa usiku, na dawa za kupunguza asidi zilimsaidia siku mbili tatu kisha hali ikarudi palepale. Damu ilikuwa ya kutosha, tezi ya shingo haikuwa na tatizo, presha ilikuwa ya kawaida. Kilichomfanya daktari awaze upande mwingine ni jambo dogo aliloliona wakati wa mazungumzo: kila simu ilipotetema mkobani, mgonjwa alinyamaza, akashika tumbo, ndipo akaitoa.

Ni muuguzi wa miaka 31 katika kituo cha afya cha binafsi hapa Lubumbashi. Anaishi Katuba na mume wake, watoto wawili na binti wa dada yake anayesoma sekondari. (Kisa nimekiunganisha kutoka kwa watu kadhaa waliofanana, na yote yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha.) Wenzake kazini walimpa jina la Mama Hakuna Shida, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila ombi: kubadilishana zamu ya usiku, kumchoma jirani sindano saa tatu usiku, kumkopesha binamu pesa, kushika daftari la michango ya kwaya. Nilipomuuliza mara ya mwisho alimkatalia nani, alifikiri kwa muda mrefu, akacheka, akasema labda watoto wake.

Jibu hilo nililiandika, maana hapo ndipo gharama ilipokuwa ikilipwa. Mtu asiyeweza kumkatalia mtu wa nje, nyumbani huwa na hasira ya haraka. Alimfokea yule binti kwa sahani ambazo hazijaoshwa, akamwahidi mume wake Jumapili ya kupumzika kisha akaitoa kwa mfanyakazi mwenzake. Usiku alilala akipitia mazungumzo ya mchana neno kwa neno: yule aliposema "sawa", alikuwa ameridhika au amenuna? Kwenye dodoso la GAD-7, ambalo lina maswali 7 kuhusu wiki mbili zilizopita na alama kuanzia 0 hadi 21, alipata 14. Kuanzia 10 tunaanza kuchunguza wasiwasi kwa makini, na kuanzia 15 tunauita mkali. Alikuwa karibu na mpaka huo.

Kabla ya kumfundisha chochote nilimwomba aandike kwa wiki moja kila ombi lililomfikia: nani ameomba, ameomba nini, nini kilimpitia kichwani kabla ya kujibu, alijibu nini, na alijisikiaje baada ya saa moja na kesho yake asubuhi. Alirudi na maombi 19. Alikuwa amekubali 18. La kumi na tisa halikupata jibu kwa sababu lilikuja akiwa amelala.

Tuliyasoma pamoja polepole. Safu ya "nini kilinipitia kichwani" ilikuwa karibu na sentensi moja iliyojirudia kwa sura mbalimbali: atanuna, atawaambia wengine, wote wataona nina roho mbaya. Safu ya jibu ilionyesha kwamba alikuwa akikubali kabla mwenzake hajamaliza kueleza. Safu ya baada ya saa moja ilisema "afadhali". Ya asubuhi ilisema "kwa nini mimi tena?"

Neno hilo "afadhali" ndilo moyo wa kisa hiki. Ombi linapofika, mwili unapiga kengele: moyo unakimbia, tumbo linakaza. Anasema "hakuna shida", na kengele inanyamaza mara moja. Ubongo unajifunza kutokana na kile kinacholeta nafuu, na hapa unajifunza mambo mawili ya uongo kwa pamoja: kwamba hatari ilikuwa ya kweli, na kwamba "ndiyo" yake ndiyo iliyomwokoa. Kwa kuwa hakatai kamwe, hapati nafasi ya kuona ni nini kingetokea kama angekataa. Miaka kumi ya kukubali haimpunguzii woga hata kidogo. Kila ndiyo inaongeza malipo ya ile ijayo. David Clark na Adrian Wells, walioeleza mwaka 1995 jinsi woga wa kutazamwa na watu unavyojiendesha, waliziita tabia za namna hii tabia za usalama: mambo ambayo mtu hufanya ili ajiepushe na balaa, na ambayo ndiyo yanayoufanya woga uendelee kuishi.

Na kusema "ndiyo" hakukuwa tabia yake pekee ya usalama. Aliomba msamaha kabla ya kusema lolote. Aliandika ujumbe mrefu wa kueleza jambo dogo. Alizima simu kisha akadai moto wa umeme ulikatika, uongo ambao hapa kwetu hakuna anayeutilia shaka. Haya yote yanahesabika, na mtu akiacha ndiyo lakini akabaki na uongo, woga haujaguswa.

Chanzo hakikuwa kigumu kukipata. Mwaka 2003, Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipowaaga maelfu ya wafanyakazi wake kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, baba yake alikuwa mmoja wao, huko Likasi. Nyumba yenye watoto saba haikubebeka tena, na yeye, akiwa na miaka tisa, aliletwa Lubumbashi kwa shangazi yake. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Lakini mtoto aliyeletwa anajua anaweza kurudishwa, na huko atakakorudi hakuna ada ya shule. Akajifunza kuosha vyombo kabla hajaambiwa na kusoma uso wa mkubwa tangu mlangoni. Wakati ule ilikuwa akili, na ilimsomesha hadi akapata diploma. Nilimweleza hivyo waziwazi, kwa sababu watu wa namna hii huja wakiamini wana udhaifu wa tabia. Sikukaa sana kwenye utoto wake, hata hivyo. Kujua moto ulianzia wapi hakukuwa kukimsaidia kupokea simu ya kesho.

Alikuwa na hofu moja kubwa kuhusu matibabu yenyewe, na ni ya haki: kwamba nitamgeuza kuwa mtu wa kujipenda, asiyejua ndugu. Katika mji huu mtu anaishi kwa watu. Jirani ndiye atakayekupeleka hospitali usiku, likelemba, mchango wetu wa kupokezana, ndiyo itakayokulipia paa, na siku ya kilio nyumbani kwako utahesabu nani alikuja na nani hakuja. Mshauri anayemwambia mtu wa Katuba "jifikirie wewe kwanza" amemnyima chombo cha kuishi.

Kwa hiyo tulirudi kwenye yale maombi na kuyagawa. Mengine aliyatoa kwa moyo: kumpeleka mama mkwe kliniki, kukaa na jirani aliyefiwa. Mengine aliyadaiwa kwa makubaliano: zamu zake mwenyewe, zamu yake ya kuchanga likelemba. Yaliyobaki, tisa, aliyatoa kwa woga peke yake. Kuyatambua, tulitumia swali moja: kama ungekuwa na hakika kwamba mtu huyu hatanuna na hakuna atakayejua, bado ungekubali? Pale jibu lilipokuwa hapana, tuliweka alama. Ni hayo tisa tu tuliyoyatibu. Mengine hatukuyagusa, na nadhani ndiyo sababu alirudi kikao kilichofuata.

Hatua ya kwanza haikuwa kukataa. Ilikuwa kuchelewesha. Ndiyo yake ilikuwa inatoka ndani ya sekunde mbili, kabla ya akili kufika, kwa hiyo tulitafuta sentensi ya kushika nafasi hiyo: "Nimekusikia, yaya. Acha niangalie mambo ya nyumbani, nitakujibu kesho saa mbili." Yaya hapa kwetu ni dada mkubwa. Sentensi hiyo aliifanyia mazoezi kwa sauti hadi ikatoka bila kutetemeka. Sharti moja tu: saa mbili ikifika, anapiga yeye. Asipopiga, ucheleweshaji umekuwa njia mpya ya kukimbia, na mwenzake atakuwa na sababu ya kweli ya kukasirika.

Hatua ya pili ilikuwa kukataa jambo dogo, kwa mtu asiye na nguvu juu yake, na kulichukulia kama jaribio la kupima utabiri wake. Kuna mhudumu wa mapokezi aliyemwomba kila mara amtumie unite za simu, yaani salio. Kabla ya siku yenyewe aliandika: "Atanuna, hatanisalimia wiki nzima." Aliamini hivyo kwa asilimia 80. Akamwambia, "Leo siwezi, mdogo wangu." Yule mhudumu akasema "aya" na kumgeukia mtu mwingine. Kesho yake alimsalimia kama kawaida. Muuguzi wetu alikaribia kukasirika: alikuwa amenunua unite kwa miaka miwili ili kuzuia jambo ambalo halikuwepo.

Angekuwa na bahati hiyo kila mara, kazi ingekuwa rahisi. Jaribio la tatu ndilo lililotufundisha zaidi. Muuguzi mwenzake, mkubwa kwake kwa miaka kumi, alikuwa akimwachia zamu ya usiku ya Jumamosi karibu kila wiki mbili bila kuirudisha. Kwanza alitaka kutumia kisingizio: mtoto ni mgonjwa. Nilimwomba tukiigize. Mimi nikawa yule yaya.

"Mtoto ni mgonjwa, yaya."

"Pole! Basi nitamtuma binti yangu alale naye. Wewe njoo."

Alinyamaza, hakuwa na la kujibu. Hilo ndilo tatizo la kisingizio: kinampa mwombaji shida ya kutatua, naye akiitatua unabaki mikono mitupu. Tena kinamwachia mtu mzigo wa pili, maana usiku mzima atahofia mtoto asije akaugua kweli kwa sababu ya ulimi wake. Na hata kikifaulu, anaondoka akiamini kwamba bila uongo asingepona.

Tukatengeneza jibu lenye umbo ambalo mtu wa hapa angelitambua kuwa ni la heshima. Salamu kwanza, na isiwe ya haraka. Kisha onyesha umelisikia jambo lake. Kisha kukataa, katika sentensi moja, bila "labda" wala "nitajaribu", kwa sababu hapa neno "nitajaribu" husikika kama ndiyo. Kisha, kama kipo kweli, kile unachoweza. Kisha kunyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomshinda zaidi. Kila mara alijaza kimya kwa maneno ya kujieleza, na ndani ya maneno hayo "ndiyo" yake ilirudi kwa mlango wa nyuma. Maneno yake ya mwisho yalikuwa haya:

"Yambo yaya, habari ya nyumbani? Nimesikia una safari Jumamosi. Zamu hiyo sitaweza kuichukua. Ukitaka tubadilishane, unipe ya Jumanne na mimi nikupe ya Alhamisi ijayo, hapo niko tayari."

Nilimsukuma mara tatu katika maigizo: kwa kubembeleza, kwa kumkumbusha wema wa zamani, kwa kumtia aibu. Kazi yake ilikuwa kurudia ile sentensi ya katikati kwa upole uleule, bila kuongeza sababu mpya: "Ninaelewa, yaya. Zamu hiyo sitaweza." Sababu mpya ni mlango mpya. Ukisema ileile, mazungumzo huisha yenyewe.

Siku yenyewe utabiri wake ulitimia kwa nusu. Yaya alisema, mbele ya wengine, "Ee! Siku hizi umekuwa mtu mkubwa." Akanuna siku tatu. Muuguzi aliandika kiwango cha wasiwasi wake: 85 kwa 100 alipoondoka pale, 60 baada ya saa moja, 30 kesho yake asubuhi, ingawa yaya alikuwa bado amenuna. Mstari huo wa mwisho ndio niliomwomba autazame kwa muda. Wasiwasi ulishuka bila yeye kukubali na bila mwenzake kumsamehe. Hadi hapo alikuwa anaamini kwamba ukinuniwa, hofu inapanda bila mwisho hadi ufanye kitu. Ikumbukwe kwamba kama mwenzake asingenuna, somo hili lisingepatikana. Mazoezi ambayo kila mtu anakujibu "hakuna shida" yanafundisha tu kwamba watu ni wema. Hayafundishi kwamba kununiwa kunabebeka.

Kisha ikaja wiki mbaya, na nilikuwa nimemwonya. Watu waliozoea ndiyo wakikutana na hapana, hawaachi kuomba. Mwanzoni huomba zaidi. Binamu yake alipiga kuomba dola 20 za biashara, akaambiwa hapana. Akapiga tena, akaambiwa hapana. Mara ya tatu alimpitia mama yao mdogo. Mara ya nne alilia, na pesa ikaenda kwa M-Pesa usiku huohuo.

Alikuja kikaoni akisema ameshindwa na kwamba bora aache. Nikamuuliza binamu amejifunza nini. Akafikiri, akasema: "Kwamba bei ni simu nne." Ndivyo ilivyo. Kukubali mara ya kwanza kungekuwa na madhara madogo kuliko kukubali mara ya nne, kwa sababu sasa simu tatu za kwanza hazitamkatisha tamaa tena. Tangu hapo tulikuwa na kanuni ya kufanya kazi: kama unaona utakubali mwishoni, kubali mwanzoni. Kataa tu pale ulipo tayari kushikilia hadi simu ya tano. Alichagua kukataa machache zaidi baada ya hapo, na yalidumu.

Kwa mjomba wake njia ilikuwa tofauti kabisa. Mjomba, mwenye umri wa kuheshimiwa, aliomba pesa kila mwezi, na hapana kwenye simu ingekuwa tusi. Mshahara wa muuguzi ulikuwa dola 220. Alikaa na mume wake, wakapanga dola 30 za familia kwa mwezi, kando na michango ya kilio, ambayo hatukuiwekea kikomo. Kisha akaenda mwenyewe Jumapili, akiwa na kaka yake mkubwa na kilo za unga, akaketi, akasubiri aulizwe. Kaka ndiye aliyefungua maneno. Yeye akamaliza: "Mjomba, kila mwezi nimetenga kiasi hiki kwa ajili yenu wote. Kikiisha kabla ya mwezi kuisha, nitakwambia kimeisha, na haitakuwa dharau." Mjomba hakufurahi, lakini aliheshimiwa. Mara iliyofuata alipopiga aliuliza, "Ile ya familia bado ipo?" Kikomo kilichotangazwa mapema si mlango unaofungwa usoni mwa mtu, kila aombaye anakutana na kiasi kilekile, na hakuna anayeweza kusema amechukiwa.

Kuna mahali tulipokataa kukataa. Mkubwa wa kituo alikuwa akimwongezea saa bila malipo. Kusimama peke yake mbele ya mtu anayeweza kumfukuza kazi kusingepima woga wowote wa bure, kwa kuwa hatari ilikuwa ya kweli. Jambo hilo lilipelekwa na wauguzi wanne kwa pamoja, kwa maandishi. Vilevile mgonjwa wa dharura hakataliwi kwa sababu za mazoezi. Na kama ningegundua kwamba nyumbani anapigwa anaposema hapana, nisingempa hata zoezi moja kati ya haya, kwani "ndiyo" ya mtu anayepigwa inamlinda, na kazi ya kwanza ingekuwa usalama wake. Swali hilo nilimuuliza akiwa peke yake katika kikao cha kwanza. Mtu yeyote anayefundisha mipaka bila kuuliza hilo anacheza na maisha ya mwingine.

Baada ya vikao kumi alipata 7 kwenye dodoso lilelile. Tumbo lilimsumbua mara chache, na tumbo la usiku wa zamu lilibaki, labda kwa sababu kula bukari, ugali wetu, saa saba usiku hakumfai yeyote. Yule yaya sasa anampa salamu za kazi tu, bila mzaha wa zamani. Hilo ni hasara, naye aliihuzunikia kama hasara, bila kuiita ushahidi kwamba alikosea. Zamu ya Jumamosi haijaombwa tena.

Kilichobaki ni daftari la kwaya. Mke wa mchungaji alimkabidhi mwenyewe, mbele ya wote, na kila anapofikiria kulirudisha alama ya wasiwasi inaruka hadi 90. Tuliliweka juu kabisa ya orodha, na kikao cha mwisho tulikitumia kuandika utabiri wake juu ya siku hiyo, jina la mtu anayeweza kulichukua, na tarehe: baada ya mavuno ya kanisa, hesabu zikiwa zimefungwa, ili hapana yake isije ikachanganywa na maswali ya pesa.